Tagi inayolia mchana na kunyamaza alfajiri: mhadhara kwa mafundi simu wa Mwanjelwa, Mbeya

Ndugu zangu mafundi, dada na kaka, habari za jioni. Nawashukuru mliofunga meza mapema mkaja. Leo nitazungumzia tagi moja tu, ile ndogo ya kufungwa kwenye funguo ili simu iitafute. Nitaanza na mama mmoja wa Isyonje, maana kwake nimejifunza mengi.

Mama huyu ananunua viazi mashambani na kuviweka stoo kabla ya kuvipakia kuja mjini. Tagi ilikuwa kwenye funguo za stoo. Alikuja kwangu mwezi Juni akisema, "Mwanangu, hiki kidude kimekufa. Nikibonyeza simu hakilii, na ramani inasema funguo ziko Kabwe wakati ninazo mkononi." Kabla yangu alishapita kwa fundi mwingine, akapima betri kwa mita, ikasoma volti 3, akamwambia betri ni nzima, tagi ndiyo mbovu, anunue nyingine.

Nilibonyeza kitufe cha kuliza pale pale mezani, saa saba mchana. Ikalia. Sauti ilikuwa dhaifu na ilikatika katikati, lakini ililia. Nikamuuliza inanyamaza saa ngapi hasa. Akafikiri kidogo, akasema, "Asubuhi ninapokwenda kufungua stoo." Nanyi mnaijua asubuhi ya Juni kule juu, sakitu iko kwenye majani.

Betri ya tagi nyingi ni kile kibetri cha duara kilichoandikwa CR2032. Namba hiyo ina maana: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Kikiwa kipya, mita itasoma volti 3.2 hivi. Shida ni kwamba kikizeeka, mita yako inaweza bado kusoma karibu 3, kwa sababu mita yenyewe haikikamui chochote. Ni kama mgonjwa aliyekaa kitini: ukimsalimia anaitika vizuri, mtwishe gunia ndipo utajua. Kinachoongezeka ndani ya betri kuukuu ni ukinzani, na baridi huuongeza zaidi. Tagi ikitulia inatumia umeme kidogo mno, lakini ikitakiwa kulia inavuta kwa nguvu, volti zinaporomoka, ubongo wake unazima. Ndiyo maana mlio unakatika katikati. Ukisikia mlio wa namna hiyo, shuku betri kwanza.

Sasa jinsi ya kuitwisha gunia. Chukua rezista ya omu 100, iguse kwenye pande mbili za betri huku mita ikiwa imeunganishwa hapo hapo, hesabu sekunde mbili au tatu, soma, kisha ondoa. Usiiache, utaimaliza betri ya mteja. Betri mpya niliyoitoa kwenye pakiti ilisoma 3.2 ikiwa bure, na 2.8 chini ya rezista. Ya mama ilisoma 3.0 ikiwa bure, ikashuka hadi 2.1. Nikaifunga kwenye mfuko mkavu wa plastiki, nikaiweka kwenye friji nusu saa, nikapima tena haraka kabla haijapata joto: 1.6. Hiyo ndiyo alfajiri ya Isyonje ikiwa mezani Mwanjelwa. Fundi aliyetangulia hakudanganya kuhusu volti 3, ila alipima betri iliyokaa kitini.

Ukibadilisha, angalia mambo mawili. CR2025 inafanana sana nayo lakini unene wake ni milimita 2.5, itacheza ndani na mguso utakatika kila funguo zikitikiswa. Pili, baadhi ya betri hupakwa kitu kichungu ili mtoto akiiweka mdomoni aiteme, na tabaka hilo likikaa pale pini inapogusa, tagi nyingine haziwaki. Nimeona tagi ikiitwa mbovu kwa sababu hiyo tu. Jaribu betri isiyopakwa kabla ya kuhukumu. Na tafadhali, betri kuukuu usiiache juu ya meza. Mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Akimeza, ni hospitali mara moja, hakuna kusubiri aone maumivu.

Betri mpya ikaingia, tagi ikalia vizuri hata baada ya kutoka kwenye friji. Hapa wengi wetu tungepokea hela na kumuaga mama. Lakini ramani bado ilisema Kabwe.

Naomba mnisikilize hapa, kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapofanya kosa la kufuta tagi kwenye simu ili "kuiunganisha upya". Kutoa betri hakuvunji muungano. Ukiifuta bila sababu unampotezea mteja hata ile kumbukumbu ya mahali pa mwisho. Na kama tagi ilinunuliwa kwa mtu, inaweza kuwa bado imefungwa kwenye akaunti yake, na hutaiunganisha mpaka yeye aiondoe. Kabla ya kufuta, thibitisha kama tagi inatangaza. Mimi natumia programu ya nRF Connect: naiweka tagi karibu na simu, naangalia orodha ya vifaa vya Bluetooth, natoa betri, naona kipi kinapotea, narudisha, naona kipi kinarudi. Kikirudi, redio ya tagi ni hai. Ya mama ilirudi, na simu yake ilikuwa imeiunganisha sawasawa. Hapakuwa na cha kufuta.

Basi Kabwe ilitoka wapi? Tagi ya aina hii haina GPS. Inachofanya ni kutangaza kwa Bluetooth, na simu iliyo jirani ndiyo inayopeleka taarifa ya mahali. Ndiyo maana mlio unafika tu pale ambapo simu yako mwenyewe inaisikia: mita kadhaa ndani ya nyumba, mbali zaidi kwenye uwazi. Stoo ya bati inakata, na funguo zikizama kwenye gunia la viazi, maji yaliyo kwenye viazi yananyonya mawimbi. Nilimwambia mama apime akiwa hatua moja, kisha tano, kisha kumi, ajue stoo yake inakata wapi.

Tagi yake ni ya mtandao wa Find Hub wa Google. Simu za Android, zisipoguswa, zimewekwa kwenye `With network in high-traffic areas only`: mahali hapaonyeshwi mpaka simu kadhaa ziisikie tagi ile ile. Kabwe, kwenye stendi, simu ni nyingi. Isyonje stooni zinapita mbili tatu. Na simu yake yeye, ambayo ingetosha, alikuwa akizima Bluetooth ili chaji idumu, anaiwasha tu anapotaka kuliza tagi.

Tuliiacha Bluetooth iwake muda wote, tukawasha na eneo. Kwenye simu yake na za wanawe wawili wanaolinda stoo tukachagua `With network in all areas`, ambayo inaruhusu hata simu moja kupeleka taarifa. Nilimweleza kwamba wanawe nao wanajua wanachokubali, kwa kuwa simu zao sasa zinasaidia kupeleka mahali pa vitu vya watu wengine pia.

Siku ya pili alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa mlangoni kwa stoo. Sikuhitaji kuuliza, nilisikia tagi ikilia kwenye simu.