Kutoka Wodini Hadi Kwenye Takwimu: Daraja la Miezi Sita

KAKA: Karibuni tena. Leo mwenzangu atakuwa upande wa kuulizwa, maana wengi wanaomjua kama mchambuzi wa takwimu za afya hawajui kwamba alikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka tisa. Dada, tuanzie pale ulipoamua kuhama.

DADA: Ahsante, kaka. Niseme kwanza kwamba nilianza vibaya. Nililipia kozi ya jioni ya kutengeneza modeli za kompyuta za kubashiri magonjwa, nikaisoma miezi minne baada ya zamu, nikapata cheti. Kisha nikaitwa kwenye usaili wangu wa kwanza. Wakaniuliza, "Kazini kwako umewahi kufanya nini na takwimu?" Nikajibu kwamba nina mawasiliano mazuri, nina huruma, najua kufanya kazi chini ya shinikizo. Niliona kabisa kalamu zao zimesimama. Hapakuwa na cha kuandika.

KAKA: Na ulikuwa umesema kweli.

DADA: Kweli tupu, lakini haikuwasaidia kuamua. Mtu yeyote angeweza kusema vile. Ujuzi unaohamishika sharti uutaje kama tendo: ulipokea nini, ukaamua nini, nani alitumia matokeo yake, na ushahidi uko wapi. Ukikosa hayo manne, umetaja tabia tu.

KAKA: Basi ulifanyaje baada ya hapo?

DADA: Nilinunua daftari dogo, nikaliweka kwenye mfuko wa sare. Kwa zamu kumi mfululizo niliandika nilichofanya, kwa vitenzi tu. Sikuandika "nilihudumia wagonjwa". Niliandika "nimehesabu waliolazwa, nimejumlisha na waliokuwepo, nimetoa walioruhusiwa na waliofariki, hesabu haikulingana na vitanda, nimetafuta nikakuta mmoja kahamishwa wodi bila kuandikwa." Ona hapo: hiyo ni kazi ya takwimu kabisa. Kule ninakofanya kazi sasa tunaiita kusafisha data. Wodini ilikuwa sehemu ya kukabidhi zamu, na sikuwahi kuifikiria kama ujuzi.

KAKA: Lakini daftari lina mengi. Mengine hayahamishiki.

DADA: Ndiyo, na ni lazima ujikaze kuyaacha. Mimi nilikuwa hodari wa kupata mshipa wa mtoto mchanga, wenzangu waliniita usiku kwa ajili hiyo. Ujuzi ule hauna pa kwenda kwenye kazi ya takwimu, na iliniuma kuufuta. Kipimo nilichotumia ni hiki: ukiondoa kitanda, sindano na mgonjwa, kuna uamuzi gani unabaki? Kwenye kupata mshipa, hakuna kinachobaki. Kwenye kugundua namba isiyowezekana, uamuzi wote unabaki.

KAKA: Namba isiyowezekana kama ipi? Tuonyeshe.

DADA: Chati za presha. Kila aliyekaa wodini anajua kwamba zamu ikielemewa, vipimo vinaanza kufanana. Wagonjwa wanne mfululizo, upumuaji 20, 20, 20, 20. Nilitaka kuona kama ninachokihisi kinaonekana kwenye hesabu. Nikaomba ruhusa kwa muuguzi mfawidhi, nikanakili vipimo 200 vya presha, ile namba ya juu tu ya kila kipimo, bila majina wala namba za wagonjwa, nikaviweka kwenye Excel. Nikatazama tarakimu ya mwisho peke yake.

KAKA: Kwa nini ya mwisho?

DADA: Kwa sababu mwili haujali tarakimu ya mwisho. Mashine yetu ya mkono imechorwa mistari ya mbili mbili, kwa hiyo ukisoma sawasawa utapata 0, 2, 4, 6 au 8, na kila moja itajitokeza karibu sawa na nyingine. Yaani katika vipimo 200 utegemee sifuri zipatazo 40, zikizidi au kupungua kidogo. Kama vipimo viko kwenye safu ya B, hesabu yenyewe ni mistari miwili. Wa kwanza unaandikwa kwenye C2 na kuburutwa hadi chini, wa pili unahesabu sifuri:

```
=MOD(B2,10)
=COUNTIF(C2:C201,0)
```

KAKA: Ukapata ngapi?

DADA: Sifuri 130. Asilimia 65.

KAKA: Mtu akisikia hivyo atasema wauguzi wanatunga namba.

DADA: Ndiyo maana nasema muuguzi ana kitu ambacho mchambuzi aliyekaa mbali hana. Sifuri nyingi peke yake haina maana ya kutunga, mara nyingi ni kukadiria: 128 inaandikwa 130. Na mimi nilijua sababu, kwamba mashine nzima ilikuwa moja kwa wagonjwa thelathini, na raundi ya alfajiri inagongana na dawa. Nikatenganisha vipimo vya mchana na vya alfajiri, na sehemu kubwa ya zile sifuri ilikuwa ya alfajiri. Nikaandika ukurasa mmoja: nimepata nini, inawezekana ni kwa nini, hatari yake ni nini kwa mgonjwa ambaye daktari anaamua dozi yake kwa 138 au 140. Nikapendekeza mashine ya pili kwa raundi ile.

KAKA: Kwa hiyo ule ukurasa mmoja ndio ukawa ushahidi.

DADA: Ukafanya kazi ambayo cheti cha miezi minne hakikuifanya. Halafu ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo kabisa: nikakusanya matangazo 20 ya kazi niliyoitaka, nikapigia mstari kila tendo lililotajwa. Kusafisha data ilikuwemo kwenye 17. Kuandika ripoti, 14. SQL, ile lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata, 9. Zile modeli nilizolipia zilitajwa mara 2. Nikagawa matendo yale mafungu matatu: ninayoweza na ushahidi ninao, ninayoweza mtu akinielekeza, na ambayo sijawahi kuyagusa. Kwenye fungu la tatu nikachagua moja tu la kujifunza, SQL.

KAKA: Sasa tufike kwenye daraja, yaani njia ya kuvukia kutoka kazi moja hadi nyingine. Wengi hapa ndipo wanaruka: leo ni muuguzi, kesho anaomba kazi ya takwimu kwenye benki.

DADA: Huyo anabadilisha vitu viwili kwa mpigo, aina ya kazi na sekta. Akifika benki ataijua Excel kidogo kuliko wenzake, na kile anachowazidi, kujua wodi inavyokwenda saa kumi alfajiri, hakina kazi pale. Mimi nilibadilisha kimoja. Nikabaki hospitali ile ile, nikabadilisha shughuli. Nilienda kwa mkuu wa kitengo cha takwimu na ule ukurasa wangu, nikaomba siku mbili kwa wiki kwa miezi sita, siku tatu nibaki wodini.

KAKA: Akakubali tu?

DADA: Alikubali kwa sababu nilimletea kazi mahususi. Kila mwezi ripoti za wodi zilikuwa zinarudishwa kwa makosa, na hakuwa na mtu wa kumfuata muuguzi na kumuuliza kwa lugha yake. Nikasema, hiyo nitaifanya mimi. Tukaandika makubaliano ya nusu ukurasa: siku zipi, muda gani, nitatoa nini, na nani ataweka sahihi.

KAKA: Kuandika kuna ulazima gani, watu mnajuana?

DADA: Ni lazima, kaka. Mwezi wa kwanza nilipaswa kuwa kitengoni siku 8. Nilipata 3. Kila wodi ilipopungukiwa mtu, jina langu ndilo lililoitwa kwanza, kwa sababu mimi "niko ofisini tu". Ningeendelea hivyo ningemaliza miezi sita nikiwa muuguzi aliyechoka zaidi. Hapo ndipo madaraja mengi yanapokatika: yanageuka kazi ya ziada isiyo na jina. Dalili yake unaihesabu, siku ulizoahidiwa dhidi ya ulizopata. Nilimpelekea muuguzi mfawidhi hesabu ile pamoja na makubaliano, bila ugomvi, nikaomba siku zangu ziingizwe kwenye ratiba ya zamu kabla haijabandikwa. Mwezi wa pili nikapata 7.

KAKA: Na mshahara? Hapo ndipo msikilizaji ananyoosha shingo.

DADA: Nitasema kwa mafungu ili kila mtu aweke fedha yake. Tuseme nilikuwa napokea 100 kwa mwezi. Mtego uko hapa: katika hiyo, 20 ilikuwa posho ya zamu za usiku na saa za ziada. Nilipoanza daraja niliacha usiku, nikabaki na 80. Matumizi yasiyokwepeka, yaani kodi, chakula, ada, nauli na mama, yalikuwa 90. Pengo ni 10 kila mwezi, kwa miezi sita ni 60. Nilihitaji 60 kibindoni kabla ya kuanza. Nilikuwa na 35.

KAKA: Ukaanza hivyo hivyo?

DADA: Hapana, nilisubiri miezi mitano nikiweka 5 kila mwezi. Niliona ni mingi mno wakati ule. Lakini nimewaona wawili walioanza na pengo, na mwezi wa tatu wakaanza kuuza siku zao za kitengoni kwa zamu za usiku. Usilinganishe mshahara mpya na mshahara wako wote. Linganisha na matumizi, na uzitoe posho kwanza.

KAKA: Kuna anayejiuliza, vipi miezi sita ikiisha na hakuna kilichotokea?

DADA: Kabla ya kuanza niliandika tarehe na alama mbili. Ya kwanza, niwe na ripoti tatu ambazo mtu mwingine amezitumia kuamua jambo, si za kwenye faili. Ya pili, niwe nimeitwa kwenye usaili mara mbili. Nikikosa zote, narudi wodini siku zote tano na kutafuta daraja jingine. Nikipata moja, naongeza miezi mitatu, mara moja tu. Ilipofika tarehe, nilikuwa na ripoti tatu na usaili mmoja.

KAKA: Ukaongeza.

DADA: Nikaongeza. Mwezi wa nane nikaitwa kwenye usaili wa pili. Wakauliza lile lile, "Umewahi kufanya nini na takwimu?" Nikatoa ukurasa wa presha. Mmoja akauliza, "Hii 65 umeitoaje?" Tukazungumza dakika ishirini juu ya tarakimu ya mwisho, na safari hii kalamu zilikuwa zinaandika.

KAKA: Na leseni ya uuguzi?

DADA: Naihuisha kila inapofika muda wake. Nimeshaacha wodi, lakini ikiisha kuirudisha ni safari ndefu, na ile ndiyo inanifanya nisikilizwe ninapompigia muuguzi simu na kumuuliza kwa nini safu ya upumuaji imejaa 20.