Alama Ziandikwe Kabla ya Mtu Kufungua Kinywa: Kikao cha Jopo Baada ya Mahojiano ya Kazi

(Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya viongozi wa vyama vya wavuvi, kamati za shule na mameneja wa hoteli)

Asalaam aleikum, mabibi na mabwana. Wengi wenu mmo kwenye majopo ya kuajiri watu, kwa hiyo maswali ya kumuuliza mwombaji nayaacha kwa siku nyingine. Leo nataka tuziangalie dakika kumi tu: zile zinazofuata pale mwombaji anapoaga, akatoka, na mlango ukafungwa.

Kwa desturi mambo huwa hivi. Mlango ukishafungwa, mwenyekiti anaegemea kiti, anavuta pumzi, anasema, "Kijana huyu ametulia." Hakumwamuru mtu. Lakini katibu aliyekuwa ameazimia kutoa alama 2 anaandika 3, na mjumbe mdogo aliyeingiwa na shaka anaimeza shaka yake. Dakika tano baadaye jopo la watu wanne limetoa rai ya mtu mmoja yenye sahihi nne.

Wanasaikolojia wameliita jambo hili kutia nanga, na kwa mtu wa Lamu jina hilo halihitaji tafsiri. Chombo kilichotia nanga huyumba kwa upepo na kuzunguka kwa maji, lakini hakiendi mbali kupita urefu wa amari yake. Rai ya kwanza ndiyo nanga. Wanaofuata watapanda kidogo au watashuka kidogo, na wote watabaki karibu nayo huku kila mmoja akiamini kwamba amefikiri mwenyewe.

Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo watu walizungushiwa gurudumu lenye namba 0 hadi 100, kisha wakaulizwa ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ni za Afrika. Walioona gurudumu likisimama kwenye 10 walikadiria 25, na walioona likisimama kwenye 65 walikadiria 45, ukichukua jibu la katikati la kila kundi. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika, na bado namba yake iliwavuta watu. Basi pimeni wenyewe uzito wa neno la mwenyekiti mwenye mvi, anayeheshimiwa mtaa mzima.

Hapo kwetu pana jambo la pili linaloongeza uzito. Barazani mkubwa hutangulia kusema, na mdogo hampingi mbele za watu. Adabu hiyo mimi siombi ivunjwe. Naomba karatasi itangulie ulimi. Mjumbe mdogo aliyekwisha kuandika 2 hajampinga mzee, kwa sababu alipoandika mzee alikuwa hajasema kitu. Solomon Asch, katika majaribio yake ya miaka ya 1950 kuhusu urefu wa mistari, aliona watu wakikubaliana na kundi lililotoa jibu la makosa ya wazi kabisa. Waliporuhusiwa kuandika jibu lao kwa siri badala ya kulitamka, kufuata mkumbo kulipungua sana.

Sasa utaratibu wenyewe. Kila mjumbe apewe karatasi yake kwa kila mwombaji: waombaji watano na wajumbe wanne, karatasi ishirini. Karatasi iwe na vigezo vinne au vitano, si kumi na viwili, maana vikizidi mtu hujaza vya mwisho kwa kukisia. Kila kigezo kiwe na alama 1 hadi 5, na kando yake nafasi ya mistari mitatu ya kuandika maneno aliyoyasema mwombaji. Maneno yake, narudia, wala si hukumu yako. "Anajiamini" ni hukumu. "Alisema angepiga simu kwa mweka hazina kabla ya kufunga ofisi" ni ushahidi.

Maana ya alama iandikwe kabla ya siku ya mahojiano, angalau ya 1, 3 na 5. Bila hivyo 4 ya mtu mmoja ni 3 ya mwenzake, na mtagombania namba wakati hamkutofautiana kitu.

Mwombaji akitoka, kimya dakika saba hadi kumi. Kila mtu anajaza kwa kalamu ya wino, anatia sahihi, anaigeuza karatasi kifudifudi, na katibu anazikusanya. Hapana "mmh", hapana kutikisa kichwa, hapana kutazamana na kutabasamu, kwa sababu uso nao hutia nanga. Simu zifungwe, kwani ujumbe mfupi wa Watsapu kwa jirani unatosha kuharibu karatasi mbili. Na chai ya katikati inyweni, ila waombaji wasizungumzwe juu ya kikombe. Majopo mengi huanguka hapo hapo kwenye chai, baada ya kufanya kila kitu sawasawa chumbani.

Mazungumzo yafanyike waombaji wote wakishapita. Katibu anaandika alama zote ubaoni kwa pamoja, kigezo kimoja kwa wakati mmoja, bila jumla. Jumla ikitangulia, kila mtu huanza kumtetea mshindi wake.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Tuseme chama cha wavuvi kinatafuta karani wa fedha. Jopo lina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mjumbe mmoja wa kutoka nje ya chama. Swali la kigezo cha fedha taslimu ni hili: "Jioni umefunga mauzo ya samaki. Daftari linasema shilingi 48,600. Sandukuni umekuta 47,400. Unafanya nini?" Pengo ni shilingi 1,200.

Maana ya alama imeandikwa tayari. Alama 5 ni ya atakayehesabu tena mbele ya mtu wa pili, akalinganisha stakabadhi na pesa zilizoingia kwa simu, akaandika upungufu daftarini siku hiyo hiyo na kumjulisha mweka hazina. Alama 3 ni ya atakayehesabu tena na kutoa taarifa lakini asiandike. Alama 1 ni ya atakayeliziba pengo kimyakimya.

Mwombaji wa pili anajibu kwa sauti tulivu na lugha nzuri. Karatasi zinapofunuliwa, mwenyekiti ametoa 5, katibu 4, mjumbe wa nje 3, mweka hazina 2. Wastani ni 3.5, na jopo lenye haraka lingeandika hiyo na kuendelea. Lisifanye hivyo. Zikipishana kwa alama moja, piteni. Zikipishana kwa mbili au zaidi, simameni hapo, kwa kuwa ama mmesikia mambo tofauti, ama mmeisoma maana ya alama tofauti.

Anaanza aliye chini au aliye juu, na mwenyekiti asiwe wa kwanza hata kama alama yake ndiyo ya juu kuliko zote. Anayeanza hasemi kwa nini anampenda au hampendi mwombaji, anasoma alichoandika. Mweka hazina anasoma: "Alisema atahesabu tena, na ikibaki pungufu atajazia kwa mauzo ya kesho asubuhi, hesabu ikae sawa." Mwenyekiti anasoma ya kwake: "Atahakikisha hesabu imekaa sawa."

Mmeona kilichotokea? Sentensi ni moja. Mwenyekiti alibaki na mwisho wake mzuri, mweka hazina akabaki na katikati yake mbaya. Kujazia upungufu wa leo kwa mauzo ya kesho ndiyo njia ya shilingi 1,200 kuwa 30,000 kabla ya mtu kujua, kwa sababu kila siku inaficha ya jana. Mjumbe wa nje anasoma kwamba alimsikia pia akisema "nitamwambia mweka hazina". Katibu hana maneno yoyote kwenye karatasi yake, ana namba tu.

Baada ya hapo kila mmoja anaamua tena, kimya, kwenye karatasi yake mwenyewe. Namba ya kwanza haifutwi: inakatwa kwa mstari mmoja, ya pili inaandikwa pembeni pamoja na sababu. Mwenyekiti anashuka hadi 2, katibu 2, mweka hazina anabaki na 2, mjumbe wa nje anabaki na 3. Wastani sasa ni 2.25. Mjumbe wa nje ana haki ya kubaki na 3 yake, wala asisukumwe, kwani kikao hiki hakitafuti namba moja ya watu wote.

Mtu ataniuliza: je, hapo si mweka hazina ndiye aliyetia nanga? Swali zuri. Kinachopambanua ni sababu ya kuhama. Hawa walihama kwa sentensi waliyoisikia wote na ambayo mmoja wao aliiandika. Lau mwenyekiti angesema mapema kwamba kijana ametulia, sentensi ile isingesomwa kabisa, kwa kuwa mweka hazina angekwisha kuandika 4.

Utajuaje kwamba utaratibu umevunjika ingawa karatasi zipo? Tazama zile namba zilizokatwa. Zikiwa zote zimeelekea kwa mtu mmoja, kikao baada ya kikao, na sababu zilizoandikwa ni "baada ya mazungumzo", basi mnamfuata mtu huyo. Tazama pia nafasi ya ushahidi: namba isiyo na maneno kando yake mara nyingi imejazwa kwa jumla ya hisia, au imechunguliwa kwa jirani. Na karatasi nne zenye 3 kila mahali hazina maana kwamba mmekubaliana. Zina maana kwamba watu wanajificha katikati, au maana ya alama haikuandikwa vizuri.

Kuna jambo ambalo karatasi hizi haziliwezi. Kama wote wanne wanavutwa upande mmoja, kwa ukoo, kwa mtaa au kwa shule waliyosoma, kuandika mbali mbali kutatoa upendeleo ule ule mara nne. Katika mji ambao kila mtu ni shemeji wa mtu, udugu na mwombaji utajwe kabla ya mahojiano kuanza, na mwenye udugu atoke chumbani mwombaji huyo anapoingia. Kubaki ndani bila kutoa alama hakutoshi, kwa sababu uso wake utakuwapo.

Mwisho wa siku katibu atie karatasi zote, pamoja na zile za waliokosa kazi, ndani ya bahasha moja na kuifunga. Mwombaji akilalamika, jibu limo humo. Na karani mpya akishamaliza miezi sita kazini, fungueni bahasha mlinganishe alama za mwanzo, za baada ya mazungumzo, na kazi mliyoiona. Mtajua ni kigezo gani kilichowaeleza ukweli, na ni mjumbe gani aliyekuwa akisikia vizuri zaidi kuliko alivyothubutu kusema.