Mbuzi Akianza Kutoa Machozi, Mnada Usubiri

Mbukwenyi wazee wangu, akina mama, vijana. Mwenyekiti, ahsante kwa nafasi. Mimi mtaalamu wenu wa mifugo leo naongea habari ya mbuzi tu. Ya ng'ombe tutayapangia siku yake.

Tuseme Jumatatu asubuhi, zizi la mbuzi 30. Wawili hawali. Macho yanatoa machozi, makamasi mepesi puani, mwili moto. Jumatano ni mnada. Mwenye zizi anawaza: niwahi kuuza watano walio wazima, hasara isinikute. Mimi simshangai, ada za shule hazingoji.

Ila kama ni sotoka ya mbuzi na kondoo, wale watano huenda si wazima. Kuanzia kuambukizwa hadi dalili kuonekana mara nyingi hupita siku nne mpaka sita, na virusi huanza kutoka kabla hujaona kitu. Pale mnadani mbuzi wanabanana, wanakoholeana, wanapokezana ndoo ya maji. Wawili wananunuliwa, wanapanda gari kwenda Kongwa. Watatu wanakosa bei, wanarudi nyumbani kupitia lambo letu. Wiki inayofuata kuna vidonda mdomoni na kuhara kwenye mazizi ya watu ambao hata mnadani hawakwenda.

Mnaniuliza, tukikuita unatufanyia nini? Kwanza najua ni ugonjwa gani. Homa ya mapafu ya mbuzi nayo ina homa, kikohozi na makamasi, lakini haileti vidonda mdomoni wala kuhara. Hiyo ina dawa, na mbuzi akiwahiwa mara nyingi anapona. Sotoka haina dawa. Sindano ya dukani husaidia tu kutibu magonjwa mengine yanayodandia. Siku za mwanzo dalili hufanana, kwa hiyo nachukua machozi na makamasi, yanakwenda maabara. Nikiitwa wiki mbili baadaye, nakuta ngozi zimeanikwa na sampuli nzuri hakuna.

Pili, chanjo. Dozi moja ya sotoka hukinga miaka mitatu au zaidi, lakini kinga huchukua kama siku kumi hadi kumi na nne kujijenga, na haimwokoi aliyekwisha ambukizwa. Ndiyo maana simu ya Jumatatu inaokoa zizi la jirani, ya Jumatatu inayofuata pengine haiokoi hata lako.

Sitawadanganya kwamba mbuzi akifa mtalipwa. Na mnada ukifungwa kwa muda, kila mtu anaumia.

Basi, ukiona wawili wana machozi na homa, watenge, usihamishe hata mmoja, usinunue mpya. Nipigie, au mwambie mtendaji. Niambie wangapi wanaumwa, tangu lini, kama mdomoni kuna vidonda, na kama kuna mbuzi mgeni aliyeingia hivi karibuni. Akifa ghafla huku damu inatoka puani au nyuma, huyo usimchune kabisa, usimpasue. Hicho kinaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua watu.

Mzee pale nyuma, naona mkono. Karibu.