15W-40 hiyo hiyo, lakini CI-4 au CK-4? Mazungumzo na mafundi na wenye malori

Habari za asubuhi ndugu zangu, madereva, mafundi na nyie mnaolipia hizo oili. Naanza na swali ambalo kila siku naulizwa gerejini, bosi ana malori mawili, moja la zamani na moja kalinunua juzi mtumba kutoka Ulaya lenye DPF, chujio la masizi kwenye ekzosi, yote yameandikiwa 15W-40, je anunue pipa moja limalize kazi?

Hapo ndo watu wengi wanapotea. 15W-40 inakuambia unene wa oili tu, haikuambii iliwekwa dawa gani ndani. Hilo utalisoma kwenye alama ya duara ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani, katikati kuna huo unene, juu kuna herufi. C ni ya dizeli, 4 ni injini ya stroki nne, na herufi ya katikati ndo inapanda kadri miaka inavyoenda. CH-4 ilikuja 1998, CI-4 ikaja 2002, CJ-4 ikaja 2006, CK-4 Desemba 2016.

Sasa kati ya CI-4 na CJ-4 kuna kitu kikubwa kilitokea. Sheria za moshi za Marekani za 2007 ziliwalazimisha watengenezaji waweke DPF kwenye ekzosi, lile chujio linalokamata masizi. Masizi yakijaa yanachomwa humo humo yanaisha. Lakini oili nayo inaungua kidogo kidogo kwenye silinda, na ile sabuni yake, yaani kalsiamu na magnesiamu, ikiungua inabaki majivu, na majivu hayachomeki tena. Yanakaa kwenye chujio mpaka mtu alifungue akalisafishe. Ndo maana kuanzia CJ-4 wakaweka kikomo, majivu yasizidi 1.0% ya uzito wa oili, na CK-4 imebaki hapo hapo. CI-4 haina kikomo hicho, nyingi zinafika 1.3 mpaka 1.5.

Mtaniambia hiyo nusu asilimia ni kitu gani, basi tupige hesabu. Chukua lori linalokula nusu lita ya oili kila kilomita 1,000. Kwa kilomita 200,000 limekula lita 100, kama kilo 87 hivi. Kwa CI-4 ya 1.5% hiyo ni kilo 1.3 za majivu, kwa CK-4 ni gramu 870 tu. Si yote yatanasa kwenye chujio, ila yatakayonasa hayatoki yenyewe.

Nimeletewa lori lenye DPF, mwenyewe alikuwa anatia oili ile ile ya lori lake la zamani kwa sababu ni rahisi. Dereva kasema taa ya DPF inawaka, wanachoma masizi, taa inazima, wiki haijaisha imewaka tena, lori zito mlimani na dizeli inaliwa kuliko zamani. Ukiona kuchoma kunakuwa kwa mara kwa mara hivyo, na injini haitoi moshi, sindano ni nzima, turbo haivujishi oili, hapo shuku majivu. Tulilifungua chujio, vumbi la kijivu limejaa mwisho wa vitundu. Masizi yangekuwa meusi.

Lile la zamani lisilo na DPF ni habari nyingine. Hapo CI-4 bado ni oili nzuri sana na mimi nainunua. Ile sabuni nyingi ni kama magadi, inaua asidi inayotokana na salfa ya dizeli, kipimo chake kinaitwa TBN, CI-4 nyingi zina 10 kwenda juu wakati CK-4 nyingi ziko kati ya 8 na 10. Dizeli rasmi ya Afrika Mashariki tangu Januari 2015 salfa yake haitakiwi kuzidi 50 ppm, na kwa hiyo hata CK-4 inatosha, ila kama gari linanyweshwa dizeli ya madumu njiani ambayo salfa yake huijui, CI-4 inavumilia zaidi, na bado usisogeze siku ya kumwaga oili.

Kwa hiyo bosi akitaka pipa moja tu, liwe CK-4, maana inakubalika inapotakiwa CJ-4, CI-4 na CH-4. Kinyume chake hapana.

Kuna kaka kauliza akiishiwa njiani na CK-4 haipatikani. Ongeza lita moja au mbili za CI-4 ufike, injini inayobeba oili lita 30 na kitu haitakufa kwa hilo, kukaa bila oili ndo kutaiua. Andika kwenye daftari umeweka nini, ukirudi endelea na yake. Ila ukikuta dumu limeandikwa FA-4 liache, hata kama ni jipya kwa tarehe sawa na CK-4, hiyo ni nyepesi zaidi ikipata moto na imetengenezwa kwa injini chache mpya zilizoandikiwa yenyewe, ya zamani usiiguse nayo kabisa.