Si Kila Ugomvi wa Kazini ni Uonevu

Ndugu wasimamizi na ndugu wawakilishi wa vyama vya wafanyakazi, asalaam aleikum, na wengine hamjambo.

Wengi wenu mmenisikia nikilisema jambo hili hapa Mombasa, na nitalisema tena, kwa sababu bado naletewa malalamiko ya namna mbili yaliyobandikwa jina moja. Mmoja amekosolewa ripoti yake mara moja kikaoni, naye anaandika kwamba anaonewa. Mwingine anasakamwa mwaka mzima, na mkubwa wake anajibu kwamba hizo ni tofauti za kikazi tu. Kila mmoja wao huitwa chumba kimoja na yule anayemlalamikia, huambiwa wapeane mikono, na faili likafungwa.

Chukueni kisa cha ofisi moja ya uwakala wa forodha ambayo sitaitaja. Karani wa hati alizozana na msimamizi wake kuhusu kiwango cha ushuru wa shehena ya vipuri. Sauti zilipanda, kontena likachelewa kutoka bandarini, gharama za kulihifadhi zikaongezeka, na msimamizi akamwambia karani mbele ya watu kwamba ameitia ofisi hasara. Huo haukuwa uonevu. Palikuwa na jambo la kazi mezani, kila mmoja alikuwa na hoja yake, na karani alijibu, tena kwa ukali. Msimamizi alistahili kuomba radhi kwa lugha yake, na mambo yangeweza kuishia hapo.

Hayakuishia hapo. Wiki iliyofuata karani alipangiwa zamu ya usiku, jambo lisilo la ajabu, kwa kuwa lazima mtu aifanye. Akapangiwa tena wiki ya pili, na ya tatu, ilhali wenzake wanapokezana. Akaondolewa katika kundi la WhatsApp ambamo mabadiliko ya ratiba za meli hutangazwa, kisha akaulizwa mbele ya wenzake kwa nini hana habari ya mabadiliko hayo. Fomu yake ya likizo ikapotea, akajaza nyingine, nayo ikapotea. Msimamizi akawa anamwita "profesa wa ushuru", wenzake wakacheka, na baadaye wakaacha kukaa naye wakati wa chakula cha mchana. Ukilishika tukio mojamoja, kila moja lina maelezo yake, na ndiyo maana mlalamikaji anayeeleza tukio moja huonekana mdekaji. Yapangeni kwa tarehe kwenye karatasi moja, pamoja na ratiba ya zamu ya ofisi nzima, na mtaona kwamba suala la ushuru lilikwisha zamani. Aliyebaki mezani ni mtu.

Kutofautisha ugomvi na uonevu natazama mambo matatu: marudio, nguvu na nia. Mtaniuliza, mara ngapi ndiyo marudio? Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyelichunguza suala hili nchini Uswidi, aliweka kipimo cha angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi sita. Kilikuwa kipimo cha utafiti, na nachoka kumwona afisa wa utumishi akikigeuza kalenda ya kumwambia mtu arudi mwezi wa saba. Tena, Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unatambua kwamba hata tendo moja laweza kuwa ukatili au unyanyasaji. Kofi halihitaji kurudiwa.

Kuhusu nguvu, msitazame cheo pekee. Mwenye kupanga zamu ana nguvu, mwenye habari ana nguvu, na watu watano wa ngazi moja wana nguvu juu ya wa sita. Hata msimamizi mgeni anaweza kuonewa na kundi la walio chini yake wanaomficha taarifa. Swali langu ni moja: je, huyu anaweza kujibu bila kuadhibiwa kwa kujibu? Siku ya kwanza karani aliweza; mwezi wa tatu kila jibu lilimletea zamu nyingine ya usiku. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inampa mfanyakazi anayekusudiwa kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama wakati wa kusikilizwa, kwa kuwa hasimami sawa na mwajiri.

Muda umenibana, kwa hiyo nia nitaipitia haraka. Hakuna atakayekiri, na "nilikuwa natania" nimeisikia hadi nimekinai. Mwambieni kwa maandishi kwamba tendo lake linamuumiza mwenzake, kisha tazameni yanayofuata. Asiyekusudia kwa kawaida hurekebisha. Anayeendelea, au anayebadilisha mbinu tu, amekwisha kujibu.

Na kile kikao cha suluhu kihifadhini kwa wanaozozana wakiwa sawa. Karani yule aliketishwa mkabala na mtu anayepanga zamu zake, akaulizwa kama ana lolote dhidi yake, akasema hana. Kumbukumbu za kikao zikaandikwa kwamba wameelewana, na Jumatatu akarudi usiku.