Nguzo inapotoboa slabu: kazi ya dropu na kichwa cha nguzo

Ndugu wahandisi, mafundi na wanafunzi, leo nataka tuzungumzie sehemu ndogo sana ya jengo: mita mbili hivi za slabu zinazoizunguka nguzo, katika jengo ambalo slabu imekaa moja kwa moja juu ya nguzo bila boriti. Slabu ya namna hii tunaipenda kwa sababu fomu yake ni tambarare, mabomba yanapita kirahisi na kila ghorofa inakuwa fupi kidogo. Lakini boriti ikiondoka, mzigo wote wa ghorofa unabaki na njia moja tu ya kuingia kwenye nguzo, nayo ni ule ukanda mwembamba wa zege unaoizunguka.

Ukanda huo ukizidiwa, slabu haipindi taratibu ikatupa muda wa kuona. Ufa wa mshazari unakata slabu kati ya chini, pale uso wa nguzo unapokutana na slabu, na juu, mbali na nguzo. Kipande cha zege chenye umbo la koni kinabaki kichwani mwa nguzo, na slabu iliyobaki inashuka. Hiyo ndiyo maana ya kusema nguzo imeitoboa slabu. Nguvu ya kuzuia jambo hilo inategemea hasa vitu viwili: urefu wa mzunguko ambao mzigo unaupitia, na kina cha kazi, yaani umbali kutoka uso wa chini wa slabu hadi katikati ya nondo za juu. Yote nitakayosema leo yanarudi kwenye viwili hivyo.

Tuchukue mfano. Nguzo za ndani za milimita 400 kwa 400, zimepangwa kila mita 6.5 pande zote mbili. Slabu ina unene wa milimita 225, zege ni la C25/30. Uzito wa slabu ni kama kilonyutoni 5.6 kwa mita mraba, vigae na kuta nyepesi 2.5, na mzigo wa matumizi 3. Tukizidisha kwa vipengele vya usalama vya kanuni ya Ulaya ya misingi ya usanifu, EN 1990, yaani 1.35 kwa mizigo ya kudumu na 1.5 kwa ya matumizi, tunapata 15.4. Nguzo moja inabeba mita mraba 42.25, kwa hiyo inapokea kilonyutoni 652 kutoka ghorofa moja, karibu tani 66. Kwa nguzo ya ndani tunaongeza asilimia 15, kwa sababu mzigo haugawanyiki sawa pande zote. Tunafika 750.

Tukiacha milimita 25 za zege la kufunika nondo, na nondo za milimita 16 zikipishana tabaka mbili, kina cha kazi ni kama milimita 185. Kanuni ya Ulaya ya zege, EN 1992, inatutaka tupime mzunguko ulio umbali wa mara mbili ya kina hicho kutoka uso wa nguzo, pembe zake zikiwa za duara:

```
u = 4 x 400 + 4 x 3.14 x 185 = 3925 mm
v = 750000 / (3925 x 185) = 1.03 N/mm2
```

Je, zege lenyewe linaweza kubeba kiasi gani? Tuseme juu ya nguzo tumeweka nondo za milimita 16 kila baada ya milimita 135, yaani asilimia 0.8. Uwezo unatoka 0.65. Tunadai zaidi ya mara moja na nusu ya uwezo uliopo. Na angalieni: slabu hii hii inaweza kuwa imefaulu vizuri katika hesabu ya kupinda. Anayeishia hapo ameacha hesabu iliyo ya hatari zaidi.

Mtu anaweza kusema, basi tunenepeshe slabu yote. Nimeipiga hesabu hiyo: kwa asilimia ileile ya nondo, milimita 300 bado hazitoshi, maana uzito nao unapanda. Inabidi tufike karibu milimita 330. Hizo ni mita za ujazo 4.4 za zege la ziada kwa kila nguzo, na sehemu kubwa yake iko katikati ya nafasi, mahali ambapo hakuna tatizo.

Hapa ndipo dropu inapoingia. Ni unene wa ziada chini ya slabu, kuizunguka nguzo tu. Tuiweke ya mita 2.2 kwa 2.2, takriban theluthi moja ya umbali kati ya nguzo, na ishuke milimita 150. Kina cha kazi kinakuwa 335. Mzunguko nao unasogea nje na kurefuka hadi milimita 5810. Vitu vyote viwili vimekua kwa pamoja, ndiyo maana mkazo unaporomoka hadi 0.40, hata baada ya kuongeza uzito wa dropu yenyewe. Uwezo sasa ni 0.47. Umepungua kwa sababu nondo zilezile zimekuwa asilimia ndogo ya kina kikubwa, lakini unatosha. Zege la ziada ni mita za ujazo 0.73 tu. Nilijaribu pia dropu ya milimita 100: mkazo 0.521, uwezo 0.518. Haipiti, ingawa kwa macho ungeapa inatosha.

Hesabu haijaisha. Koni inaweza pia kutokea nje ya dropu, ambako slabu imerudi kuwa na milimita 225. Kwa hiyo pimeni mzunguko wa pili, milimita 370 kutoka ukingo wa dropu. Katika mfano wetu unatoa 0.38, na hata uwezo wa chini kabisa wa zege hapo ni 0.49. Dropu ikifanywa nene lakini nyembamba kwa upana, hapa ndipo inapofeli.

Kichwa cha nguzo, yaani nguzo inayopanuka kama faneli kabla ya kugusa slabu, kinafanya kazi kwa njia nyingine kidogo: hasa kinarefusha mzunguko, kana kwamba nguzo imenenepa. Lakini kipanuliwe kwa kiasi. Mzigo hauendi mbali kwa mlalo, hivyo mabawa yaliyolala kupita nyuzi 45 ni pambo, msiyahesabu. Kwenye maghala yenye mizigo mizito, kichwa na dropu hutumika pamoja. Ipo pia njia ya kuweka ringi au vijiti vya chuma vya kuzuia mkato ndani ya slabu, lakini kanuni hairuhusu kuvitegemea slabu ikiwa chini ya milimita 200, na kuvipanga kati ya msongamano wa nondo kunataka fundi mwangalifu na msimamizi anayehesabu.

Duka kubwa la Sampoong mjini Seoul lilianguka tarehe 29 Juni 1995 na kuua watu 502. Lilikuwa jengo la slabu bila boriti. Nguzo zilizotakiwa kuwa na kipenyo cha sentimita 80 zilijengwa za 60, na mzigo uliongezwa juu. Robo ya mzunguko kwenye uso wa nguzo iliondoka hivyo. Asubuhi ya siku hiyo nyufa zilionekana kuzunguka nguzo kwenye sakafu ya juu. Wateja waliachwa ndani hadi jioni.

Nyufa hizo zinaanza juu, chini ya vigae, kwa hiyo anayekagua dari peke yake hataziona. Kwanza zinatawanyika kutoka kwenye nguzo, kisha zinajikunja kuwa duara. Ukiona duara, watu watoke na mirunda iwekwe kuanzia ghorofa ya chini kabisa.

Kwenye saiti, adui wa kila siku ni buti. Mafundi wanakanyaga nondo za juu wakati wa kumwaga, zinazama milimita 25, na katika slabu yetu isiyo na dropu sehemu inayobeba mkato inapungua kwa asilimia 20. Wekeni stuli za chuma zilizo karibu karibu kuizunguka nguzo, mpime kwa futi kabla zege halijafika. Wa pili ni fundi bomba: tundu lolote ndani ya mara sita ya kina cha kazi kutoka kwenye nguzo, hapa kama mita 1.1, linakata sehemu ya mzunguko na lazima mhandisi alihesabu upya. Na pitisheni angalau nondo mbili za chini kila upande katikati ya nguzo. Koni ikishakatika, nondo za juu zinachomoka kwa kubandua zege. Za chini ndizo zinazobaki zimeikamata slabu ili isiiangukie ghorofa iliyo chini yake.