Sentensi ambayo tapeli anaogopa kuiandika

Haya tuanze, waliosimama kule nyuma viti vipo huku mbele, haviumi. Wale mlioshanisikia mnajua nitasema nini leo, mnivumilie tu, nitaacha kusema siku nitakayofungua simu nikamaliza profaili tatu za wauzaji bila kukutana na “ubora wa kimataifa”.

Kuna dada mmoja anashona mikoba ya ngozi. Kazi yake safi kweli, nimeishika. Akaniletea profaili yake akasema watu wanaitembelea, wanapenda picha, alafu hawaulizi hata bei. Nikasoma. Naisoma kama ilivyokuwa:

“Karibu sana! Sisi ni wabunifu namba moja wa mikoba ya kisasa yenye ubora wa kimataifa. Tukiwa na timu yenye uzoefu wa miaka mingi na shauku isiyo na kifani, tumejizatiti kukidhi mahitaji yako kwa bei nafuu. Mteja kwetu ni mfalme. Uaminifu ndio nguzo yetu.”

Mnacheka, lakini nusu yenu mna kitu kama hicho kwenye simu zenu sasa hivi.

Nikamuuliza swali ambalo nauliza kila mtu: katika sentensi hizi ipi ambayo tapeli asingethubutu kuiandika? Yaani mtu ambaye hana mkoba hata mmoja, kaiba picha, anataka hela yako apotee. Tukapita moja moja. “Ubora wa kimataifa”, tapeli anaandika bila wasiwasi. “Mteja ni mfalme”, anaandika. “Uaminifu ndio nguzo yetu”, hiyo ndo anaipenda kuliko zote, ataiweka juu kabisa na alama ya tiki. Mpaka tunamaliza haijabaki hata moja. Sasa kama maneno yako na ya tapeli ni yale yale, kastoma atawatofautishaje? Hana njia, kwa hiyo anafanya jambo la busara, anapita.

Najua kuna mzee hapa atanitupia methali, kizuri chajiuza kibaya chajitembeza. Sawa, ila chajiuza kikiwa mkononi, mtu anakivuta, anakinusa, anakigeuza. Kwenye simu hanusi kitu. Mchumi mmoja, George Akerlof, mwaka 1970 aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika akaonyesha kwamba mnunuzi akishindwa kujua gari zima ni lipi na bovu ni lipi, anatoa bei ya wasiwasi kwa yote, na wenye magari mazima wanaona haiwalipi wanatoka sokoni. Ndo shida ya huyu dada. Mkoba mzima, bei ya wasiwasi. Kinachosaidia ni muuzaji kusema kitu ambacho kikiwa uongo kitamgharimu.

Basi nikamwambia weka kando hayo maandishi, niambie wewe ni nani. Akaanza “sisi ni…” nikamkatisha, sisi nani? Kumbe yuko peke yake. Sasa hiyo “timu” ya nini? Kastoma akipiga simu anapokea yeye, akiuliza kuhusu malipo anajibu yeye, akilalamika sauti ni ile ile, kwa siku mbili tu mtu kashajua timu haipo, na ukishakamatwa kwenye uongo mdogo usio na faida hata ule ukweli mkubwa hauaminiki tena. Upo peke yako andika “mimi”. Kwanza kwa kazi ya mkono kuwa peke yako ni sifa, maana anayejibu meseji ndo aliyeshika sindano.

Alafu nikamuuliza ulianzaje. Akaniambia ile ya “tangu utotoni nilikuwa na shauku”. Hapana. Shauku yako ni yako, kastoma haimuhusu. Nikauliza tena, kabla ya kuuza mikoba ulikuwa unafanya nini? Akasema alikuwa anarekebisha mikoba ya watu iliyoharibika. Nikamuuliza inaharibika wapi? Hapo ndo mtu akaanza kuongea jamani! Akasema mingi inakufa sehemu moja, pale mkanda unaposhikana na mfuko, kwa sababu uzito wote unavuta hapo na viwanda vingi vinapiga mshono mmoja tu wa cherehani. Ndo maana yeye hapo anashona mraba wenye msalaba katikati, kwa mkono, uzi mmoja unaopita na sindano mbili, moja kila upande, kwa hiyo uzi ukikatika sehemu moja mishono ya jirani inabaki imeshika. Alafu anapigilia na riveti.

Nikamwambia hiyo hapo ndo stori ya brandi yako, uliificha wapi siku zote? Maana stori ya brandi haina kazi ya kumfanya mtu alie. Kazi yake ni kueleza kwa nini bidhaa imekuwa hivyo ilivyo na sio vingine. Kama maisha yako hayaelezi kitu chochote kwenye bidhaa, yaache kwanza, utayasimulia kwenye sherehe.

Tukaandika upya, ikawa hivi:

“Nilianza kwa kurekebisha mikoba ya watu. Mingi ililetwa na tatizo moja, mkanda umechomoka. Ndo maana kwenye mikoba yangu sehemu hiyo naishona mraba wenye msalaba, kwa mkono, na kuongeza riveti. Mkanda ukichomoka ndani ya mwaka mmoja nirudishie, narekebisha bure na usafiri wa kwenda na kurudi nalipa mimi. Ngozi yangu imelainishwa kwa magome ya miti na haijapakwa rangi juu, kwa hiyo itazidi kuiva rangi na itaonyesha mikwaruzo. Kama unapenda mkoba ubaki kama ulivyotoka dukani, huu hautakufaa.”

Hesabuni mara ngapi kajisifu. Hakuna. Lakini ukimaliza kusoma unajua huyu mtu anaijua kazi, na hajakwambia.

Sasa kuna kijana anataka kuniambia tapeli si anakopi hiyo pia? Anakopi, ndiyo, kwani nani wa kumzuia. Ila angalia kitakachofuata. Kastoma anatuma meseji, “nipigie picha ya pale mkanda unaposhikana, kwa ndani”. Dada anageuza mkoba anapiga picha, sekunde kadhaa. Tapeli anaanza hadithi, stoo imefungwa, simu ina shida ya kamera. “Ubora wa kimataifa” utauombea picha gani? Sentensi nzuri ni ile inayompa kastoma kitu cha kukuuliza.

Yeye mwenyewe aliikataa sehemu ya mwisho. Akasema ukimwambia mtu hautakufaa si unafukuza wateja. Nikamwambia unamfukuza yupi? Yule ambaye angenunua, mwezi wa pili akaona mkwaruzo, akaandika kwenye maoni kwamba umemuuzia ngozi mbovu. Huyo bora asinunue. Na aliyebaki akishaona umesema ukweli unaokuumiza, ule unaokufaidisha anauamini kirahisi. Ila tusielewane vibaya, maana kuna mtu nilimwambia hivi akaenda kuandika “huwa nachelewa kujibu meseji”. Hapana bwana! Sema mpaka wa bidhaa, inamfaa nani na haimfai nani. Uzembe wako usiutangaze, urekebishe.

Kingine alichobishana ni siku. Alitaka kuandika “dilivari ya haraka”. Haraka ni nini? Nikamwambia chukua oda 10 za mwisho, kila moja andika siku aliyolipa mtu na siku mkoba ulipotoka mkononi mwako. Tukakuta nyingi ni siku 4, chache 5, moja 6 kwa sababu riveti ziliisha. Akasema basi niandike 4. Hapana, andika 6. Ukiandika 4 wale wa 5 na 6 wote unakuwa umewadanganya, ukiandika 6 yule wa siku 4 anafurahi anakusifia mwenyewe. Chukua ile iliyochelewa kuliko zote, wastani haukusaidii hapa, na kama iliyochelewa inakutia aibu basi shida ni stoo yako, sio profaili. Na useme siku zinahesabiwa kuanzia wapi, kulipa au kuagiza, maana ugomvi mwingi unatokea hapo.

Muda unaniishia naona mwenyekiti ananiangalia.

Bayo fupi. Instagram inakupa herufi 150 tu, na nafasi zinahesabiwa. Msiijaze emoji za moto. Ya huyu dada tuliifanya hivi: “Mikoba ya ngozi, naishona peke yangu kwa mkono. Siku 6 tangu ulipie. Mkanda ukichomoka ndani ya mwaka narekebisha bure. Sina mikoba ya laptopu.” Imetosha na chenji imebaki. Hiyo ya laptopu ilikuwa inaulizwa kila siku, sasa imepungua.

Tarehe. Ukiandika “tangu 2009” ujue kwenye akaunti nyingi za Instagram mtu akibonyeza About this account anaona umejiunga lini na kama umewahi kubadilisha jina, na kurasa za Facebook nazo zinaonyesha siku zilipofunguliwa na zilivyobadilishwa majina. Kama kazi ilianza kabla ya akaunti, sema hivyo kwa maneno, “nilianza 2009, akaunti hii ni ya 2021”. Ukikaa kimya mtu anaona miaka haikutani, anajijibu mwenyewe.

Wapya kabisa msio na kitu cha kuonyesha, msitunge uzoefu. Andika ni mpya, alafu punguza hatari ya mnunuzi: oda ndogo ya kwanza, nusu ya malipo, picha ya mzigo wake wenyewe kabla haujafungwa, na nani analipa usafiri ukirudishwa. Ila kila ahadi piga hesabu yake kwanza, ukirudishiwa mizigo mitatu mwezi mmoja utaweza? Kama huwezi ipunguze ahadi kabla hujaiweka. Maoni ya wateja nilitaka kuyasema kwa kirefu, haitawezekana, ila lile lalamiko moja mlilonalo msilifute, lijibuni pale pale mseme mlifanya nini.

Swali la mwisho, dada pale. Anauliza ni lazima aweke sura yake. Sio lazima, wengine hawapendi na wana sababu zao. Picha ya mikono yako ikiwa kazini inatosha, na meza ionekane ilivyo, na vipande vya ngozi chini. Ila iwe ya kwako kweli, maana mtu akiipitisha kwenye Google Lens akaikuta kwenye duka jingine, hata ile ya riveti hatakuuliza tena.